Chombo Kitaitwaje? Maneno ya Ubavuni na Haki ya Mwenye Mali

Mwananyamala haina pwani. Mkazi wa Komakoma au wa Msisiri hana budi kuivuka barabara ya Ali Hassan Mwinyi na kushuka Msasani ndipo ayaone maji ya chumvi. Hata hivyo, mitaa hii ina watu wengi ambao riziki yao inaelea. Yuko mwenye mashua asiyejua kuogelea, yuko baharia aliyepanga chumba cha uani, na yuko mama wa samaki wa kukaanga aliyeingiza fedha zake katika ngalawa ili asiendelee kununua kwa mchuuzi. Kwa watu wa namna hii siku ya kukipa chombo jina si jambo dogo, na mara nyingi mabishano yake huanzia barazani huku huku, mbali na maji, kabla hata nyavu hazijanunuliwa.

Wala kitongoji chenyewe si kigeni katika mambo ya majina. Wazee husimulia kwamba Mwananyamala ni maneno ya mama akimtuliza mwanawe, yaani, mwanangu, nyamaza. Iwe hivyo au vinginevyo, wakazi wake wamezoea kuishi ndani ya jina ambalo ni sentensi nzima. Na hivyo ndivyo yalivyo majina mengi ya vyombo vya pwani yetu. Jina la chombo ni neno ambalo mwenyewe amelitoa hadharani, kisha hana tena uwezo wa kuwapangia wengine namna watakavyolisema.

Tuanze na vyombo vikubwa, maana hivyo havitatuchelewesha. Serikali ikinunua kivuko, kwa kawaida hukipa jina la mahali. Kati ya mjini na ng'ambo wamefanya kazi MV Magogoni na MV Kigamboni, majina ya kingo mbili za mlango mmoja wa bahari, kana kwamba kila kivuko kinatangaza kinakotoka au kinakokwenda. Abiria hawashughuliki nayo. Kwao vyote ni pantoni, na anayeuliza kama pantoni limeondoka hataki kujua ni lipi. Jina linabaki kwenye bati na katika makaratasi. Serikali iliwahi kuiga desturi ya wavuvi pale meli ya zamani ya Ziwa Viktoria ilipomaliza matengenezo mwaka 2020 na kurudi majini ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Hiyo ni kaulimbiu nzima imepakwa ubavuni, na mvuvi yeyote wa Kunduchi angeitambua mara moja kuwa ni jina la chombo.

Mvuvi hufanya hivyo kwa sababu anasema na watu watatu kwa mpigo. Kwanza anasema na Mola wake, ndipo tunapopata Tawakal, Salama, Baraka, Rehema, Amana, Subira. Pili anasema na majirani, na hapa ubavu wa mashua hauna tofauti na upindo wa kanga: Hasidi Hana Sababu, Nia Njema, Sina Makosa, Adui Muombee. Tatu anasema na jamaa zake, akikiita chombo kwa jina la mama, la mke au la mtoto aliyezaliwa mwaka ule. Wako pia wanaosema na mashabiki wenzao wa mpira, nao tunawaachia Simba na Yanga yao.

Majina ya fungu la pili ndiyo yanayopendwa na wapita njia, na ndiyo yenye mtego. Mtu hanunui mashua kimyakimya. Fedha zimetoka mahali fulani, na pengine ndugu aliombwa mkopo akakataa, au jirani alisema kuwa yule hataweza. Basi chombo kinapopata rangi, majibu ya miaka mitatu yanapanda ubavuni kwa maneno matatu. Aliyekusudiwa huyaelewa. Asiyekusudiwa naye hujiona amekusudiwa. Na kama ilivyo kwa kanga, mwenye kusema ana njia ya kutokea, kwa kuwa akiulizwa atajibu kwamba ni jina tu.

Lakini kanga husomwa na aliye karibu, ilhali jina la chombo huitwa kutoka mbali. Mtu aliye ufukweni wakati wa kusi, upepo ukimpiga usoni, hawezi kupaza sauti aseme Hasidi Hana Sababu hadi mwisho. Atasema Hasidi. Dalali wa samaki atasema Hasidi, na mwenye barafu anayedai fedha zake ataandika Hasidi katika daftari. Baada ya miezi michache chombo kinaitwa Hasidi, na aliyekusudia kuwakemea mahasidi anajikuta yeye ndiye mwenye Hasidi. Aliyeandika Adui Muombee ataitwa mwenye Adui. Kwa hiyo, anayetaka jina refu na alitazame neno lake la kwanza, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo atabaki nalo. Nia Njema ikikatwa hubaki Nia, nalo halina ubaya. Sina Makosa ikikatwa hubaki Sina, na huo ni utani ambao mabaharia hawatauacha siku watakayorudi bila samaki.

Majina ya fungu la kwanza yana mtihani wa namna nyingine, nao umo katika mafundisho ambayo wengi wetu tumeyasoma bila kuyahusisha na mashua. Kukipa jina kipando si uzushi. Ngamia wa Mtume (s.a.w.) aliitwa Qaswa, na nyumbu wake aliitwa Duldul. Mtume aliyabadilisha pia majina yenye maana mbaya, kama alivyomwita Jamila mwanamke aliyekuwa akiitwa Asiya, jina ambalo kwa Kiarabu, likiandikwa kwa herufi ain na swad, humaanisha mwenye kuasi. Haya yanajulikana sana. Lisilotajwa sana ni kwamba katika Sahihi ya Imam Muslim imo pia hadithi ya Samura bin Jundub inayokataza watumishi wasiitwe majina kama Aflah, Rabah na Yasar, yenye maana ya kufaulu, faida na wepesi. Sababu iliyotajwa ni ya lugha kabisa. Mtu ataulizia kama yupo pale, naye hayupo, na jibu litakuwa hapana. Yaani mtu ameuliza jina, akajibiwa kwamba faida haipo. Katika riwaya nyingine, ya Jabir, inaelezwa kwamba Mtume alitaka kuyakataza majina ya aina hiyo, likiwamo Baraka, kisha akanyamaza. Ndiyo maana wanazuoni wamelihesabu katazo hilo kuwa la karaha tu, si la haramu.

Hadithi hiyo inahusu watu, nasi hatuna mamlaka ya kuifanya hukumu ya mashua. Tunachochukua kwake ni kipimo, nacho ni kwamba jina zuri likiwa peke yake bado halijapimwa. Lipime ndani ya sentensi, hasa sentensi ambayo hutaki kuisikia. Chombo kiitwacho Salama kikichelewa, habari inayofika Mwananyamala usiku ni kwamba Salama haijarudi. Kiitwacho Riziki kikiuzwa, watu watasema fulani ameuza Riziki yake. Kiitwacho Alhamdulillah kikipigwa mwamba, mjumbe atatamka maneno ambayo hakuna Muislamu angependa kuyasikia yakipangwa hivyo. Hata majina ya heshima hayasalimiki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya mia mbili, na jina lililotolewa kwa kumuenzi mtu likaingia katika sentensi ya msiba.

Mtu asielewe kwamba jina ndilo linalozamisha. Kuamini hivyo ni kurudi katika mikosi ambayo dini imeikataa. Mashua huzama kwa ubao uliooza, kwa kalafati iliyolegea, kwa mzigo kupita kiasi na kwa nahodha aliyedharau wingu. Salama imebeba watu miaka mingi katika pwani hii na itaendelea kuwabeba. Tunalosema ni kwamba siku ya msiba jina huwa mdomoni mwa watu, na mwenye kulichagua ana nafasi ya kuwapunguzia machungu.

Katika fungu hilo hilo kuna swali la kuandika jina la Mwenyezi Mungu lenyewe. Chombo cha uvuvi si mlango wa sebule. Mabaharia hupanda ubavuni kwa miguu, damu ya samaki hutiririka juu ya ubao, na maji machafu humwagwa nje yakapita juu ya herufi. Chombo kikizeeka, mbao zake huvunjwa zikawa kuni au zizi la kuku. Masheikh wengi husihi kwamba jina la Allah na aya za Qur'ani zisiwekwe mahali pa kudharauliwa, na ubavu wa mashua mara nyingi ni mahali hapo hapo. Anayetaka kuanza kwa jina la Mola ana nafasi ya kulitamka. Aya ya 41 ya Surat Hud imehifadhi maneno ya Nabii Nuhu (a.s.) alipowaambia watu wapande, na mabaharia wetu huyasoma wakati wa kung'oa nanga. Hayo ni maneno ya ulimi, hayahitaji rangi. Tawakal, Subira na Amana hubeba imani ya mwenye chombo bila kuwa na Jina hilo ndani yake, na huenda ndiyo sababu wazee waliyapenda mno.

Siku ya kushusha chombo majini huwa na ubani, dua, pengine maulidi, na aliyejaaliwa huchinja mbuzi. Nyama ikiliwa na jamaa na mafukara ni sadaka. Damu ikipakwa omoni, au chakula kikitupwa baharini ili wenyewe wa bahari waridhike, hapo jambo limebadilika na haliitwi tena sadaka. Kuna familia ambazo humo ndugu mmoja anataka hivi na mwingine vile, na chombo hukaa mchangani wiki nzima kwa ajili ya mzozo huo.

Sasa tuchukue familia moja ya kubuni, mfano wa nyingi tulizonazo. Mama ni mjane, mkazi wa Mwananyamala, muuza samaki. Mwanawe mkubwa ni nahodha. Wamenunua mashua iliyotumika kutoka kwa mtu wa Kunduchi kwa shilingi 6,000,000, nusu ikiwa ya mama, aliyeuza bangili zake na kumalizia kwa fedha za mchezo, na nusu ikiwa ya mwana. Mashua imekuja na jina lake, Sina Makosa. Je, wabaki nalo?

Wako wanaoamini kwamba kubadilisha jina kunakiudhi chombo. Historia ya nchi yetu haiwaungi mkono. Meli inayofahamika zaidi katika Ziwa Tanganyika ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Hilo ni jina la gavana aliyetawala wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza na kuzimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitwaliwe na adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hilo. Chini ya jina la gavana ilielea mwaka mmoja na miezi kadhaa. Chini ya jina la ziwa imebeba watu kwa miongo mingi. Hatusemi kwamba jina ndilo lililoitunza, ila aliyeogopa kubadilisha na aitazame Liemba.

Familia yetu basi ina hiari. Mwana anataka Mtachoka Wenyewe, kwa sababu kuna ami aliyesema hawatafika popote. Mdogo wake anataka Salama. Mama hasemi kitu. Wakiyapima kwa kipimo chetu, jina la kwanza litakatwa liwe Mtachoka, na litakuwa likiwaambia mabaharia wao wenyewe kila alfajiri kwamba watachoka. Zaidi ya hayo, ami ni mtu ambaye huenda wakamhitaji siku ya harusi au ya mazishi, na rangi ya mafuta haisamehi upesi. Salama ni jina jema, lakini ziko nyingi. Hili nalo lina uzito wake. Chombo kikichelewa na simu zikaanza kupigwa kutoka pwani moja hadi nyingine, habari husafiri kwa jina. Salama ya Msasani na Salama ya Kunduchi zikiwa baharini usiku mmoja, familia moja italia kwa kosa na nyingine italala kwa kosa. Waliozoea huongeza neno la mahali au rangi ya chombo, na wenye busara huhakikisha kwamba mke na jamaa wa kila baharia wanaijua namba ya usajili, si jina tu. Namba haina pacha wake.

Mwishoni mwana anasema iitwe Jasho la Mama. Ijaribuni sentensi. Jasho la Mama imeingia na vibua. Jasho la Mama imechelewa leo. Hata ikikatwa ikawa Jasho, bado ni neno la mtu aliyefanya kazi. Likiingia katika habari mbaya linatia huzuni, lakini halifanyi kejeli. Jina limepatikana, na mama, ambaye hakusema kitu, analia kidogo jikoni.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mashua inahitaji kusajiliwa na kukatiwa leseni ya uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na anayekwenda ofisini ni mwana, kwa kuwa ndiye nahodha na ndiye mwenye muda. Katika nafasi ya mmiliki linaandikwa jina lake peke yake. Hati ya mauziano nayo ilisainiwa naye peke yake. Hakuna aliyedhulumu. Mama hakuomba kuandikwa, kwani mama na mwana hawaandikiani, na tena ubavuni pameandikwa wazi kwa herufi nyekundu ni jasho la nani.

Miaka minne baadaye mwana anafariki, akiacha mke na watoto wawili. Mashua inauzwa kwa bei ile ile, shilingi 6,000,000. Tuseme hana deni wala wasia, na kwamba hii ndiyo mali yake pekee. Ikiwa imethibiti kwamba mama ni mshirika kwa nusu, shilingi 3,000,000 ni mali yake tangu mwanzo na haziingii katika mirathi. Zilizobaki 3,000,000 ndizo za marehemu, na mama, kwa kuwa mwanawe ameacha watoto, hupata sudusi, yaani moja ya sita, ambayo ni 500,000. Jumla yake ni 3,500,000. Ikiwa haikuthibiti, mashua yote ni ya marehemu, na mama hupata sudusi ya 6,000,000, yaani 1,000,000 tu. Tofauti ni shilingi 2,500,000, na upande wa pili wa tofauti hiyo wamesimama mjane kijana na mayatima wawili, nao wana mahitaji yao na wana haki ya kusema kwamba hawajui habari ya bangili.

Atakaposimama mbele ya Mahakama ya Mwanzo, jina la mashua litamsaidia kwa kiasi gani? Kwa kidogo sana. Jasho la Mama laweza kumaanisha kwamba mama ni mshirika. Laweza pia kumaanisha kwamba mama alimpa mwanawe fedha ziwe zawadi, naye kwa shukrani akakiita chombo hivyo. Laweza kumaanisha kwamba alimkopesha, na hapo si mshirika bali ni mdai, anayelipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Laweza kumaanisha kwamba mama alimlea kwa jasho na hakutoa hata shilingi. Maneno yale yale yanabeba ushirika, hiba, deni na heshima, na kila kimoja kina hukumu yake. Uzuri wa fumbo ni kubeba maana nyingi, na mbele ya hakimu uzuri huo huo unageuka kuwa tatizo.

Ndivyo ilivyo pia kwa baba anayeandika jina la bintiye ubavuni na kuwaambia wote kwamba chombo hiki ni cha Mwanaisha. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, hiba haitimii kwa maneno matupu. Kuna kutoa, kuna kukubali, na kuna kukabidhi. Kama binti ni mtu mzima na baba ameendelea kukitumia chombo, kupokea mapato yake na kukikatia leseni kwa jina lake mwenyewe mpaka akafa, chombo hicho kinaingia katika mirathi na Mwanaisha anagawana na ndugu zake. Kama ni mtoto mdogo, baba anaweza kumpokelea kwa kuwa ni walii wake, lakini hata hapo ni lazima ijulikane kwamba alitoa kweli, na mashahidi wawepo. Rangi peke yake haikabidhi kitu.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Kabla fundi wa rangi hajaitwa, wahusika wakae na mashahidi wawili na kuandika karatasi moja. Iseme tarehe, bei ya chombo, aliyetoa kiasi gani, na neno moja kati ya haya: ushirika, mkopo au hiba. Kama ni ushirika, iseme mafungu ya kila mmoja, na nani atalipa tanga likichanika. Kila mmoja abaki na nakala yake. Ofisini waulizwe kama majina yote mawili yanaweza kuingia katika usajili. Jina la zamani na jipya vyote viandikwe katika hati ya mauziano, ili anayekwenda kubadilisha Sina Makosa kuwa Jasho la Mama aonekane ni mwenye chombo kile kile na si mwizi aliyepaka rangi. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara imehimiza kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na haikuwatoa mama na mwana.

Ikiwa karatasi ipo, fundi na aje. Mwambieni mapema kama ubao umewahi kupakwa sifa. Mafuta hayo ya papa huuhifadhi ubao, lakini ubao uliokwisha kuyanywa haushiki rangi, na jina likiandikwa juu yake litaanza kubanduka kabla ya mvua za masika. Wengine huandika kwenye kibao cha pembeni kikavu, kisha hukipigilia misumari karibu na omo. Kibao hicho hung'olewa siku chombo kinapochomwa kwa makuti ili kuua wadudu wanaokula mbao, na hurudishwa baadaye bila herufi kuungua. Jina liandikwe pande zote mbili, juu kabisa, mbali na mstari wa maji, na namba ya usajili iwe kubwa kiasi cha kusomeka na mtu aliye katika chombo kingine. Kama familia inakumbuka bado jina la zamani, lipigwe msasa hadi liishe, kwa kuwa likipakwa rangi juu tu, baada ya msimu mmoja wa jua Sina Makosa itaanza kuchungulia chini ya Jasho la Mama.